Askofu Aliyevunjika Ncha

Muda wa ukumbi uliisha kabla mchezo wetu haujaisha. Mwamuzi akaupiga picha ubao wa sataranji kwa simu yake, wahudumu wakazoa kete zote wakazitia kwenye mfuko. Kanuni ya mashindano yale ni kwamba mchezo usioisha huamuliwa kwa pointi za kete zinazoonekana kwenye picha. Mshindi wetu angepewa nafasi moja iliyobaki ya kusoma bweni bila ada. Mimi bila nafasi hiyo, shule ndiyo basi.

Mwamuzi akahesabu kwa sauti. "Weupe: ngome moja, tano. Farasi mmoja, tatu. Askari wanne, nne. Kumi na mbili. Weusi vilevile, kumi na mbili. Wafalme hawahesabiwi. Sare, mtarudiana kesho."

Weupe walikuwa wangu. Mmoja wa wale askari weusi hakuwa askari. Alikuwa askofu aliyevunjika ncha, wa pointi tatu, na alikuwa amenisumbua mchezo mzima. Kwenye picha alionekana kichwa cha mviringo tu, kama askari yeyote. Mpinzani wangu angelisema hilo palepale, lakini alikuwa ametoka nje kumpigia mama yake simu. Nikanyamaza, na nikaomba achelewe.

Tatizo ni mjomba. Ndiye aliyenifundisha mchezo huu, nampenda, lakini mdomo wake hauna breki.

"Hebu kuza hapa, mwamuzi," akasema. "Nyuma ya mfalme wetu kuna kichwa kimejificha. Huyo si askari wetu?"

"Mjomba, twende."

"Twende wapi? Tunadhulumiwa mchana kweupe."

Nikamvuta shati. Akautoa mkono wangu bila hata kunitazama. Mwamuzi akaikuza picha, akainamisha kichwa, akakubali. Kweli alikuwa askari wetu.

"Weupe kumi na tatu," akasema. "Weusi kumi na mbili."

Mjomba akanikumbatia mbele za watu. Nilikuwa nikimsukuma kuelekea mlangoni, mpinzani wangu alipoingia na simu yake mkononi.

"Kumi na mbili?" akauliza. "Askofu wangu mmemhesabu?"

Mwamuzi akapekua mfuko, akaitoa ile kete isiyo na ncha, akailinganisha na picha. Alichukua muda mrefu. "Nilimhesabu kama askari," akasema. "Zinaongezeka mbili. Weusi kumi na nne, wameshinda." Akaandika matokeo na kutia saini.

Mjomba aliichukua ile kete akaigeuzageuza.

"Ulikuwa unajua?"

Niliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Kwa hiyo tungeondoka na sare yetu, kesho ungecheza tena."

"Ndiyo, mjomba."

"Ungenipiga hata teke, mwanangu," akasema, akaketi kwenye kiti ambacho mhudumu alikuwa anasubiri kukikunja.