Chumba Namba Nne Kabla ya Saa Sita

Wanjira alisoma karatasi ya ukaguzi mara mbili. Chumba namba nne: mito imegeuzwa vibaya, kona za shuka hazifanani, taulo zimekunjwa ovyo. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, Madam Lydiah, msimamizi wake, alikuwa ameandika, "Siku ya tatu."

"Madam, mimi sikuacha hivyo," alisema.

"Nani basi aliacha hivyo? Chumba ni chako. Sahihi ni yako."

Gesti ile ya Siakago ilikuwa na vyumba kumi, na kazi yake Wanjira aliijua kwa moyo. Kufungua dirisha, kukusanya takataka, kumwaga dawa chooni ili ikae, kisha kurudi kutandika. Kupangusa vumbi kutoka juu kwenda chini. Kitambaa chekundu cha choo peke yake, cha buluu cha meza. Kuweka sabuni na tishu, halafu kupiga mopu kutoka dirishani hadi mlangoni, akirudi nyuma nyuma. Mdomo wa foronya usitazame mlango. Vitu vya mgeni visiguswe.

Alikuwa amefanya hayo yote. Au alidhani amefanya. Jioni, akipika githeri nyumbani, alijaribu kuona mikono yake ikikunja taulo za namba nne, na hakuona chochote. Aliona taulo za namba saba, za mbili, za jana au juzi, zote zimechanganyika. Mama yake alianza kusahau akiwa na miaka arobaini na sita. Kwanza ilikuwa chumvi, kisha majina ya watoto. Wanjira alikuwa na arobaini na moja.

Asubuhi ya nne, alipomaliza namba nne, hakwenda chumba kilichofuata. Aliandika saa kando ya sahihi yake, saa nne na dakika ishirini, akamfuata Lydiah mapokezi.

"Nakuomba ukague sasa hivi. Usingoje saa sita."

Lydiah alisita, kisha akachukua karatasi yake. Alivuta shuka, akainama chini ya kitanda, akapitisha kidole juu ya kabati, akafungua bomba. Aliweka tiki kila mahali.

"Kiko sawa kabisa," alisema, na sauti yake ikaonyesha kwamba hakuelewa.

"Turudi tena baadaye, Madam. Pamoja."

Saa tano na robo walibisha hodi. Sauti ya mwanamke iliwaambia waingie. Kitanda kilikuwa kimefumuliwa chote, godoro liko wazi, na mama mzee mwenye leso kichwani alikuwa akiipigapiga mito. Sinki ilikuwa inang'aa kuliko Wanjira alivyoiacha.

Lydiah alitazama karatasi yake, akatazama kitanda, akatazama karatasi tena. "Mama, kuna kitu kilikuwa kichafu?"

"Hapana, mwanangu." Mgeni alikaa ukingoni mwa godoro. Jina lake lilikuwa Ciakuthii, na alikuwa ametoka Meru. Mwanawe, mwalimu, alikuwa amegongwa na pikipiki, mguu ukapondeka, na amelazwa hospitali ya hapo mjini. "Naenda alfajiri na uji. Madaktari wakianza raundi, tunaambiwa tutoke. Mpaka saa ya mchana ya kuwaona wagonjwa ifike nitafanya nini? Nilisafisha wodi miaka thelathini na moja. Nikikaa hivi bure, namwona tu kijana wangu na ile mipira puani."

"Na mito?" Wanjira aliuliza. Lilikuwa swali la kipumbavu, lakini alilihitaji.

"Kwetu mdomo wa foronya ulitazama mlango. Sista wa wodi alipenda hivyo. Taulo na kona namalizia mbiombio, nisichelewe kumwona."

Wanjira alijikuta amekaa kwenye kiti cha mgeni, jambo ambalo haliruhusiwi. Alicheka, kisha machozi yakamtoka, na hakujua ni ya kitu gani hasa.

"Kumbe nimekuponza," Ciakuthii alisema, akiitazama karatasi mkononi mwa Lydiah. "Nisamehe."

"Ni sawa, shosho. Nilidhani ni kichwa changu."

Lydiah alikuwa bado ameshika kalamu. Katika karatasi nzima hapakuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo. Mwishowe alikata maneno ya siku tatu zilizopita, akatia sahihi kando ya kila mkato. Tangu siku hiyo alikagua kila chumba mara tu kilipomalizika, na saa ikaandikwa.

"Sasa hiki kitanda?" Wanjira aliuliza.

Ciakuthii alikuwa ameshashika ncha moja ya shuka. "Shika huko," alisema. "Vuta. Zaidi kidogo. Wanamkata kesho asubuhi, ule mguu. Vuta, mwanangu."

Wanjira alivuta.