Mita Thelathini na Moja Chini ya Ziwa

Faili ilinishinda kwa mambo manne. Mahali: ziwani. Msimu: patupu. Kimo: hasi thelathini na moja. Ruhusa ya matumizi: patupu.

"Droni iliyoruka chini ya maji!" Mkuu wangu alicheka, kikombe mkononi. "Futa hiyo, binti. Saa sita tunafunga kundi hili la faili."

Maktaba yetu ya video haihifadhi picha za angani zisizo na maelezo kamili. Lakini nilikuwa nimeshaifungua, na hapakuwa na ziwa. Palikuwa na bonde, mabati yanayometa, kamba za nguo, na moshi mwembamba ukinipandia kana kwamba ni mimi niliyekuwa naelea. Uani kulikuwa na mwanamke aliyeinua uso, mkono juu ya macho.

Mama. Kabla ya bwawa, kabla maji hayajafunika mtaa wetu mzima. Nyumba ile hatuna hata picha yake moja.

Naona haya kuwapigia simu watu nisiowajua. Nilimpigia mrusha droni hivyo hivyo, kwa namba iliyokuwa kwenye faili.

"Niliirusha kutoka uwanja wa shule, kule kilimani," alisema. "Inahesabu kimo kuanzia pale iliporukia. Ikishuka bondeni inaandika hasi. Si kosa, dada."

"Na ziwa je?"

"Hilo mmejiwekea wenyewe. Mfumo wenu unasoma ramani ya leo."

Kweli. Uwanja ule siku hizi ni ufuko wa ziwa.

"Ruhusa?"

"Atumie yeyote, mradi anitaje. Nitakuandikia barua pepe sasa hivi. Ila yule mama wa uani, nilimshukia karibu mno. Mita kumi na nne hivi. Muulizeni na yeye."

Saa tano na nusu. Tarehe ya faili ilikuwa ya siku iliponakiliwa tu, haikunisaidia kujua msimu. Nikampigia mama, nikamweleza nilichokiona.

"Kwenye kamba kuna nini?" aliuliza.

"Mablanketi. Mengi."

"Basi mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimekatika. Mablanketi tulifua wakati huo tu." Akacheka kidogo. "Na ule mlio wake, mimi nilidhani ni nyuki, mwanangu. Nikatoka kuwatafuta."

"Mama, ukikubali, watu wote watakuona. Ukikataa, naomba ifungiwe humu ndani, isitoke."

Nilisikia bomba likichuruzika jikoni kwake.

"Nimevaa lile gauni la kijani?"

"Lile lile."

"Limetoboka kwapani. Panaonekana?"

"Kutoka juu kule? Wala."

"Haya. Waache waione nyumba yangu."

Nikajaza. Msimu: mara tu baada ya mvua. Kimo: hasi thelathini na moja kutoka mahali iliporukia, takriban mita kumi na nne juu ya ardhi. Ruhusa: yeyote, kwa kumtaja mpiga picha, aliyeonekana ameridhia. Mkuu alisoma akichungulia juu ya bega langu, akaweka kikombe chini.

Lilibaki la mahali. Nikafuta ziwa, nikaandika jina la mtaa wetu polepole, herufi moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi kuingia majini, akijua mlango uko wapi.