Wifi na Zamu ya Asubuhi

Kwenye kile kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na hospitali, msimamizi wa zamu walimpachika jina la Nitaangalia, maana hakuna jibu lingine lililowahi kumtoka. Umeomba likizo, nitaangalia. Umeomba glavu mpya, nitaangalia. Hata ungemwambia mvua inanyesha, bwana yule angekwambia ataangalia. Kwa hiyo Chapuchapu alipokwenda kumwomba amtoe zamu ya mchana ampeleke ya asubuhi, jibu alikuwa nalo mfukoni kabla hajabisha hodi.

Chapuchapu nalo ni jina la kupachikwa. Alipewa na wenzake kwa wepesi wa mikono yake pale kwenye mashine ya pasi. Na tuseme ukweli, mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko hiyo mikono.

"Masomo ya jioni?" Nitaangalia alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni wa tatu kuniletea hadithi ya masomo. Wa kwanza nilimkuta dukani kwa shemeji yake anapima sukari."

"Mimi siuzi duka, bosi. Nataka kumaliza sekondari. Barua ya shule hii hapa." Akaiweka mezani. "Darasa linaanza Jumatatu, saa kumi na mbili jioni. Saa hizo mimi niko kwenye roli za moto za mashine ya pasi mpaka saa nne usiku. Mwaka jana nafasi ilinipita hivihivi. Mwaka huu wamesema nisipoonekana wiki ya kwanza, wanampa mwingine, na mwakani nisirudi kuwasumbua."

Nitaangalia aliisoma barua mbele na nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na kitu. "Sikiliza, dada. Mashine haikai bila mtu. Nikikutoa mchana, lazima nimpate mtu wa asubuhi anayeijua mashine hiyohiyo, na akubali mwenyewe. Simlazimishi mtu. Na mpaka nimalizane na ofisi ya wafanyakazi, simtaji mtu, wala usije kuniuliza. Niliwahi kumtaja mmoja, wakang'oana nywele kwenye chumba cha kubadilishia nguo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitaangalia."

Haya. Chapuchapu akatoka akiwa na moyo mzito, kwa sababu aliijua hesabu. Wanaoijua ile mashine kubwa ya kupitisha mashuka walikuwa wachache, na asubuhi aliyekuwa akisimama pale ni mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe. Loo! Angekuwa mtu baki, angeweza hata kumbembeleza. Lakini wifi?

Si kwamba walikuwa maadui. Walitaniana, walisengenya pamoja, walipelekeana mboga. Lakini siku Chapuchapu alipoitangazia familia kwamba anarudi shule, wifi ndiye aliyecheka mbele ya watu wote, akasema, "Vitabu na mashuka wapi na wapi? Utamsomea nani, kaka yangu?" Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe naye akacheka, na mguu wake wenye kidonda kaunyoosha kwenye stuli. Chapuchapu alicheka pia, ili asionekane kaumia, lakini lile neno lilimkaa kooni.

Tangu hapo kila alichofanya wifi alikipima mara mbili. Siku moja, wakati wa kupokezana mashine, wifi alimuuliza, "Hilo darasa lenu ni kila siku?"

"Kila siku isipokuwa mwisho wa wiki. Kwa nini?"

"Aa, nauliza tu. Na mnatoka saa ngapi?"

Nauliza tu! Chapuchapu akafika nyumbani akiwa amevimba. Kabla hajavua viatu, mumewe akaongezea petroli kwenye moto bila kujua. "Dada kanipigia. Anataka kujua kama kweli umepata nafasi, au ni maneno tu."

"Anataka kujua ili afanye nini?"

"Mimi nitajuaje? Si umuulize mwenyewe?"

Hakumuuliza. Na hapo ndipo ninapotaka kumshika masikio huyu Chapuchapu, kwa sababu swali moja tu lingemaliza kila kitu. Badala yake akakaa anajumlisha. Wifi hataki nisome. Wifi anachunguza saa zangu. Wifi ndiye mwenye zamu ninayoitaka. Mtu akishaanza kujumlisha namna hiyo, hata salamu anaiona ina sumu.

Ijumaa alifika kazini mapema, roho mkononi. Siku zilikuwa zimekwisha, na Nitaangalia alikuwa bado anaangalia. Alipopita mbele ya kioo cha ofisi alimwona wifi ndani. Kasimama, kaegemea meza ya msimamizi, anaongea kwa sauti ya chini na kucheka. Nitaangalia, mtu ambaye hata picha ya kitambulisho kapiga kanuna, naye alikuwa anacheka! Wifi alipogeuka na kumwona, kicheko kikakatika. Akaziba mdomo kwa mkono, akatoka, akampita kama mtu mwenye haraka.

"Nawahi kuiwasha mashine, wifi," alisema, na hakusimama.

Chapuchapu alihisi damu inampanda. Sasa nini tena kilibaki? Wameshakula njama. Nafasi imekwenda, na huyu anamcheka mchana kweupe. Akasukuma mlango bila hodi.

Ndani, kwenye kiti cha pembeni, alikuwapo afisa usalama wa kiwanda na kikombe chake cha chai. Alikuwa amekuja kukagua mitungi ya kuzimia moto. Mtu mwenye akili zake angemwona, angesalimia, angesema atarudi baadaye. Chapuchapu hakuona mtu.

"Bosi, niambie ukweli. Huyu wifi yangu amekuja kunichimba, si ndiyo?"

"Dada, tulia. Kaa hapo, nina jambo la..."

"Situlii! Yeye ni nani wa kunizibia? Mnamwona mtakatifu, eti mfanyakazi bora, picha yake mmebandika ukutani. Muulizeni anakwenda wapi kila wiki kabla ya zamu kuisha. Anaondoka mashine inazunguka! Mara tatu nimekuta roli zina moto, shuka limo ndani, na mtu hayupo. Mara tatu! Mimi ndiye ninayemfichia!"

Nitaangalia alivua miwani. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona sahani inaanguka na hakuwahi kuidaka.

Afisa usalama akaweka kikombe chini. "Roli zina moto, na hakuna mtu?"

Hapo ndipo Chapuchapu alipomwona. Kila mtu pale alijua kanuni ya mashine ya pasi, ilikuwa ya kwanza kufundishwa: anayetoka haondoki mpaka anayeingia amefika na kusema nimepokea. Shuka likikwama kwenye roli bila mtu, linaungua, na jengo lile lilijaa vitambaa vikavu mpaka darini.

"Labda... labda niliona vibaya," alisema.

"Umesema mara tatu," alijibu afisa. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama, siwezi kusikia hilo nikajifanya kiziwi. Mwenzako atapata onyo. Na wewe uliyekuta ukanyamaza, tutaongea." Akasimama, akatoka kwenda kwenye mashine.

Nitaangalia alifuta miwani kwa ncha ya shati, akairudisha usoni, akaivua tena.

"Unajua alikuja kufanya nini hapa?"

Chapuchapu akageuka kuutazama mlango.

"Alikuja kuthibitisha. Wiki nzima ananifuata, bosi mpe wifi yangu asubuhi, mimi nitashika mchana. Nikamwambia mchana ni mgumu, unatoka usiku. Akasema potelea mbali, bora yule asome. Ofisi ya wafanyakazi wamekubali leo. Nilikuwa nataka kukwambia uje Jumatatu asubuhi. Tulikuwa tunacheka jinsi utakavyoruka."

"Basi bado tunaweza, bosi. Si wamekubali?"

"Mwenye onyo habadilishwi zamu mpaka muda wa onyo uishe. Unaijua kanuni kama ninavyoijua. Na mwingine anayeijua ile mashine asubuhi sina."

"Angalia, bosi. Tafadhali, angalia tu."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe pale, bwana yule hakusema ataangalia. Alitikisa kichwa tu.

Chapuchapu akatoka. Njia ya kwenda kwenye mashine aliijua akiwa amefumba macho, lakini siku hiyo alijigonga kwenye kigari cha mashuka machafu na hakusikia maumivu. Afisa usalama alikuwa amesimamishwa njiani na fundi wa boila ya mvuke, wanaoneshana kitu kwenye mabomba. Kwa hiyo Chapuchapu ndiye aliyetangulia kufika.

Wifi alikuwa analisha shuka kwenye roli, jasho linamtiririka. Alipomwona Chapuchapu, uso wake ulichanua.

"Umetoka kwa Nitaangalia? Kakwambia?" Hakungoja jibu. "Yaani ulimi ulikuwa unaniwasha wiki nzima! Kaniapisha nisikwambie mpaka ofisi wakubali. Nimempigia hadi kaka kuhakikisha huendi kutupiga chenga. Kule nyumbani nilikutania vibaya, wifi, najua. Niliona jinsi ulivyocheka. Nikasema huyu hakucheka, huyu kaumia."

"Wifi..."

"Ngoja nimalize. Hata mimi nitapona. Kidonda cha mama lazima kisafishwe kliniki kila wiki, na kliniki yenyewe inafungwa mapema, ndiyo maana nilikuwa nachomoka hapa kama mwizi. Sikutaka kuwaambia, kaka angeanza kuhangaika. Nikiwa mchana nitampeleka asubuhi kwa raha zangu. Sitatoroka tena, na wewe hutanifichia tena."

Shuka likatoka upande wa pili, limenyooka, lina joto. Wifi akalishika pembe mbili, akamnyooshea pembe nyingine mbili kama walivyozoea kila wanapopokezana. Chapuchapu hakuzishika.

"Wifi, nimekuchongea."

"Nini?"

"Nimekuchongea kwa afisa usalama. Nimesema unaacha mashine. Nilidhani unanizibia."

Wifi alicheka. Walitaniana kila siku, na utani wa Chapuchapu ulikuwa na kawaida ya kuzidi mpaka. Akaendelea kucheka, pembe za shuka mkononi, mpaka alipomtazama mwenzake vizuri usoni. Kisha akatazama nyuma yake, akamwona afisa usalama ameachana na fundi na anakuja moja kwa moja kwenye mashine.

"Mama nitampeleka lini sasa?" aliuliza.