Msimbo wa Balozi

Shemeji wa mwenye duka alijiita Balozi, ingawa hakuna ubalozi duniani ambao ungempokea hata getini. Wafuasi alikuwa nao, laki mbili na ushee, waliomfuata mtandaoni kuangalia miwani yake na magari ya kuazima. Mwenye duka, mke wa kaka yake, alimdharau tangu siku ya kwanza. Mwanamke huyo alikuwa anauza mafuta ya kuotesha nywele, na Balozi ana upara unaong'aa kama sahani iliyooshwa. Lakini mume alibembeleza, akambembeleza tena, mpaka mke akampa msimbo.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Kila aliyeuza kwa niaba ya duka alipewa linki yake na msimbo wake. Mteja akibonyeza linki, tovuti ya duka inamkumbuka aliyemleta. Akiandika msimbo wakati wa kulipa, anapata punguzo, na mwenye msimbo anapata kamisheni muda wa kurudisha bidhaa ukishapita. Linki ya mmoja ikigongana na msimbo wa mwingine, msimbo unashinda. Sheria hiyo aliiweka mwenye duka mwenyewe, akajiona ana akili kuliko wote.

Asubuhi hiyo alikuwa anafyeka wauzaji wavivu. Kwenye skrini, katika orodha ya mauzo, Balozi yuko kileleni, tena mbali. Ilimuuma, maana video yake moja tu aliiona: kofia kichwani, chupa mkononi, na kifuniko bado kina lakiri. Mkiani kabisa yuko Msusi, mwanamke mwenye saluni ya viti viwili, anayejirekodi akiosha vichwa vya watu, mikono imejaa povu, sauti imezibwa na maji ya bomba.

"Nani anunue kwa sababu ya povu?" alimwambia mumewe, aliyekuwa mezani pake akijibu jumbe za wateja.

Mume akaendelea kuandika. Mwenye duka akamwandikia Msusi kwamba msimbo na linki yake vimefungwa, asante kwa muda wako. Hata habari za asubuhi hakumpa.

Mchana akaja mama mkwe. Akapita katikati ya maboksi, akavua kitambaa cha kichwa bila kuombwa, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, hebu tazama hapa pembeni. Zimeota!"

"Mafuta yetu hayo, mama?"

"Hayohayo ya kwenu! Yule binti wa saluni anaeleza vizuri, eti usiyamwage kama unakaanga, upake kwenye ngozi, polepole. Nikabonyeza pale alipoweka linki, nikafika dukani kwenu. Kulipa kukanishinda, nikawaandikia. Nikajibiwa niweke msimbo wa Balozi, nitapunguziwa." Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Nikasema, makubwa haya! Mwanangu na nywele wamekutana wapi?"

Mwenye duka hakucheka. Aligeuka, akamtazama mumewe, na mumewe akawa anautazama utepe wa kufungia maboksi kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Nipe simu ya duka."

"Mke wangu, nilikuwa nawasaidia wateja wapate punguzo..."

"Nipe."

Jumbe zote zilikuwa na jibu lilelile: weka msimbo wa Balozi. Akafungua oda za Balozi, akaangalia wanunuzi waliingilia wapi. Karibu wote walikuja kwa linki ya Msusi. Linki ya Balozi ilibonyezwa na watu wachache wasio na kazi, na hakuna aliyenunua. Laki mbili na ushee, na hata mmoja hakununua chupa.

"Nilitaka tu mdogo wangu naye aonekane," mume alisema.

"Ameonekana," alisema mkewe. Hasira ilimpanda, na mbaya zaidi, nusu ya hasira hiyo haikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia ila yeye mwenyewe.

Akampigia Msusi. "Dada yangu, samahani sana, yale ya asubuhi yalikuwa makosa. Nakurudishia kila kitu, na kamisheni zako zote..."

"Hakuna neno, dada." Nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika. "Ulichoandika nilikielewa. Video zilikuwa zangu, nimeshazifuta. Kuna kampuni nyingine ilikuwa inanibembeleza siku nyingi, nimeipigia. Samahani, nina kichwa cha mtu kwenye beseni."

Simu ikakatika.

Jioni nzima simu ya duka, ambayo kwa kawaida haikuwaacha wanywe chai, ilikaa kimya mezani. Mama mkwe alikuwa anafunga kitambaa chake aondoke pale ilipolia. Mke na mume wakairukia kwa pamoja.

Alikuwa Balozi, anauliza kamisheni yake inaingia lini.