Sehemu Nilizokuwa Naziruka

Dada alipolazwa, aliandika blogu kwa simu karibu kila siku. Jioni nilimsomea mama, Kiswahili tu. Kiingereza nilikiruka, maana shule niliiacha kabla hakijaniingia.

"Mbona umenyamaza hapo?" mama aliuliza.

"Kizungu hicho, mama. Madoido yake tu."

"Huyo naye! Mgonjwa wa kitandani, bado anaringa."

Dada alipona, na mchapishaji akataka blogu iwe kitabu. Mhariri akaja nyumbani na mswada, Kiswahili sanifu mwanzo hadi mwisho. Dada hakuwa amerudi kutoka kazini. Mama akaniambia nisome wakati tunamngoja.

Nilianza kwa mbwembwe, maana safari hii hapakuwa na cha kuruka. "Leo nimechomwa sindano tatu. Mama amenichana nywele. Sitaki kufa. Mama asijue. Kesho nitaandika tena."

Mama akaweka chini nguo aliyokuwa akishona.

"Rudia."

Nikarudia. Nikafunua mbele, na kila nilipokuwa nikiruka palikuwa na hofu, ukurasa baada ya ukurasa. Miezi yote ile dada alikuwa akilia mbele yetu, katika maneno niliyoyaruka, na hatukumsikia.

"Nilidhani Kiingereza kile ni mazoea ya simu," mhariri alisema polepole. "Wengi huchanganya hivyo. Nikanyoosha yote."

Dada aliingia, akatuona nyuso, akachukua karatasi mkononi mwangu.

"Nani kakwambia utafsiri hii?" alimuuliza mhariri. "Kiingereza kilikuwa pazia langu. Nilijua nani anamsomea mama!"

Mhariri alifungua blogu kwenye simu, akaiweka kando ya mswada, akatoa penseli.

"Tupitie pamoja. Hii 'anyway'?"

"Mdomo tu huo. Toa."

"'Busy'?"

"Toa."

"Meseji zako na nesi?"

"Hizo nilimtumia mtu. Zibaki kama zilivyotumwa."

"Sawa. Na hii, 'I don't want to die'?"

Dada alimtazama mama. Penseli ilisimama hewani.

"Irudishe ilivyokuwa," mama alisema.

"Lakini mama, hutaweza kuisoma."

"Nimeshaijua. Ulinificha kwa sababu unanipenda. Iandikwe hivyohivyo ulivyonificha, wanaojua wasome, wasiojua wapite kama nilivyopita mimi."

Mhariri alifuta tafsiri yake, akaandika Kiingereza mahali pake. Kisha akapita kurasa zote, akirudisha moja moja, na mara hii alimuuliza dada kila alipofika.

Mama alivuta kiti karibu na dada. "Sasa niambie. Kwa lugha uliyoiandika."

Dada aliitamka sentensi ile kwa sauti ndogo. Mama hakuelewa hata neno, lakini alimkumbatia kichwa, na nilisikia pumzi za dada yangu, zikiingia na kutoka.