Uzoefu Unaolingana

Cheo chake kilikuwa Kaimu Mkuu wa Bohari, lakini hospitali nzima tulimwita Kaimu tu. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata cheo kikageuka jina. Mkewe mwenyewe akipiga simu mapokezi alikuwa anasema, "Niitieni Kaimu," na hakuna aliyecheka tena, maana utani ukikaa sana unakuwa kitambulisho.

Glovu, dripu, shuka, sabuni, vyote vilipita mikononi mwake. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, shahada. Kila nafasi ya Mkuu wa Bohari ilipotangazwa, tangazo lilidai shahada ya ugavi, na kila mara aliyepatikana aliondoka kabla kiti hakijapata joto. Kaimu akarudi kukaimu.

Safari hii bosi wetu wa utumishi aliamua liwalo na liwe. Tulimwita Bi Kanuni, kwa sababu hata chai alikuwa anainywa kwa utaratibu. Alibishana na uongozi vikao vitatu mpaka tangazo likatoka na maneno mapya mwishoni: shahada ya ugavi na uzoefu wa miaka mitatu wa kusimamia bohari, au uzoefu unaolingana. Mimi ndiye niliyelibandika ubaoni. Sikuambiwa ni kwa ajili ya nani, wala sikuhitaji kuambiwa. Nilifurahi kama vile kazi ni ya kaka yangu.

Lakini neno "unaolingana" si la kumeza bila kutafuna. Unalingana na nini, na nani anasema? Ndiyo maana kabla ya kufungua bahasha hata moja, kamati ya mchujo ilikaa: Bi Kanuni, mfamasia mkuu na mimi ofisa wa ajira. Tukaandika kipimo na kukisaini. Kila mwaka wa masomo utafidiwa na miaka miwili ya kazi ya ngazi hiyo. Shahada ni miaka mitatu, kwa hiyo sita, na juu yake ile mitatu ya usimamizi ambayo hata mwenye shahada anatakiwa kuwa nayo. Jumla tisa, na mwaka mmoja hauhesabiwi mara mbili. Tena iwe miaka ya kupanga manunuzi, kusimamia watu na kujibu hesabu ya mali, siyo ya kupokea maboksi na kugawa. Na tutapima kilichoandikwa tu. Kipimo kimoja kwa wote, mwenyeji na mgeni.

Wiki ile Kaimu alipita ofisini kwetu, amebeba fomu za kusainiwa kama kawaida yake.

"Bosi," alimwambia Bi Kanuni, "hiyo CV niijaze mambo yote? Si mnanijua?"

Bi Kanuni hakutakiwa kumsaidia mwombaji. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kaka, andika kama vile hatujawahi kukuona."

Kaimu alicheka, lakini nilimwona usoni kaumia. "Baada ya miaka yote hii? Kizuri chajiuza, bosi. Mimi nikianza kujitembeza leo, watu si watanicheka?"

"Andika kama hatukujui," Bi Kanuni alirudia. "Uliyoyafanya, moja moja."

"Haya," alisema Kaimu, kwa sauti ya mtu anayesema siyo. "Mcheza kwao hutunzwa."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilitamani kumfuata kwenye korido nimkamate shati. Sikumfuata, maana na mimi nilikuwa nimesaini.

Siku ya mchujo, bahasha yake niliijua kwa mwandiko. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Jina, shule, kisha mistari miwili: Karani wa bohari, miaka kumi na minane. Kazi: shughuli zote za bohari. Basi. Hata barua ya kukaimu hakuiambatanisha.

Mfamasia aliigeuza nyuma kutafuta kilichobaki. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Tulete faili lake," nilisema. "Liko kabati la pili hapo, nanyoosha mkono tu."

"Na hawa wengine utawanyooshea mkono kwenye kabati gani?" aliuliza Bi Kanuni.

"Lakini bosi, tunamjua!"

"Ninamjua kuliko wewe." Aliisukuma karatasi ile katikati ya meza. "Haya, tuseme tunalifungua. Barua ya kukaimu ni ya miaka mitano. Minne iliyobaki kutimiza tisa iko wapi?"

Ilikuwa kichwani mwa Kaimu. Ile miaka ambayo mkuu wa zamani alikuwa anaugua, na yeye ndiye aliyekuwa anapanga manunuzi, kugawa zamu na kusimama mbele ya wakaguzi. Sisi tulikuwepo, lakini karatasi haikuwepo. Bi Kanuni aliandika "hajathibitisha" mbele ya jina lake, polepole, kisha akaomba kutoka kidogo. Nilimkasirikia Bi Kanuni, nikamkasirikia Kaimu zaidi, na hasira zote mbili hazikunisaidia kitu.

Bahasha ya mwisho ilitoka kwa mama mmoja wa bohari ya kiwanda. Shahada hana. Lakini alikuwa ameandika kila nafasi aliyoshika: alisimamia watu wangapi, alikuwa anaripoti kwa nani, maamuzi gani aliyafanya mwenyewe, mali iliyokuwa inaharibika aliipunguza vipi, na nani aulizwe. Tulihesabu kwa kipimo chetu, tukapata kumi na moja. Aliowataja tuliwapigia, wakathibitisha. Kwenye usaili akawazidi wawili wenye shahada. Alistahili, na sitasema vinginevyo.

Kaimu alipopewa taarifa hakulalamika. "Ndiyo hivyo," aliniambia. "Kisomo ni kisomo. Mwenye shahada kapata haki yake, mimi nitamwonyesha rafu ziko wapi." Aliona amefungiwa mlango uleule wa siku zote, na mlango huo alikuwa ameshauzoea. Sikumsahihisha. Siri ya kamati ni siri ya kamati, lakini ukweli ni kwamba niliona afadhali abaki na imani hiyo.

Mama yule alifika Jumatatu. Tulikusanyika boharini kumpokea, Kaimu kasimama mbele kapiga pasi shati, funguo mkononi. Mama alikuwa mchangamfu, hana makuu.

"Jamani, msiniogope," alisema. "Mimi sina shahada yoyote. Niliona kwenye tangazo maneno yale, uzoefu unaolingana, nikajiambia ngoja nijaribu. Aliyeyaweka maneno yale, Mungu ambariki."

Watu walipiga makofi. Kaimu hakupiga. Alimwangalia Bi Kanuni, na Bi Kanuni akaangalia sakafu.

"Yale maneno," Kaimu aliuliza taratibu, "yalikuwa ya kwangu?"

Machozi yalimlenga Bi Kanuni, na kwa mara ya kwanza alisahau utaratibu, akayafuta kwa mkono mbele ya watu wote.

Kaimu alimkabidhi mama yule funguo kwa mikono miwili, kwa adabu, akamkaribisha. Kisha mhudumu wa wodi akatokea mlangoni, mbio mbio, hana habari ya lolote. "Kaimu! Dripu zimetuishia!"

Aligeuka, mdomo umeshafunguka kuitikia. Akaufunga. Mama mpya alikuwa anatuangalia, hajui anayeitwa ni nani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua tumwite nani sasa.