Sista Lukresia Hajajibiwa

Miaka ile, mtu yeyote Songea aliyeuza mahindi kwa bei nzuri misimu miwili mfululizo alijiita mwekezaji. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, maduka ya ushirika yamefungwa, na kila mwenye tofali alijenga. Mzee Urban alijenga loji kule Matogoro, akaipa jina lake mwenyewe ili mtu asije akakosea. Halafu akasikia kwamba mwenye loji bila tovuti ni mshamba. Akampa kazi hiyo mkwewe, Remmy, mume wa binti yake Recho. Remmy alikuwa amesoma kompyuta Dar es Salaam kwa muda ambao wengine hutumia kutibiwa malaria.

Mimi nilikuwa mapokezi. Jina langu Kunegunda, na nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta ile tangu rangi ya ukuta haijakauka. Kila asubuhi nilipiga simu ya intaneti, mashine ikalia weee hadi wageni wa chumba cha kwanza wakaamka, nikafungua barua pepe za loji. Zilikuwa chache, na nyingi zilitoka kwa watu wa nje waliotaka kutugawia urithi. Nilijibu zote zilizostahili jibu. Hilo naliapa popote.

Alhamisi moja akaja kijana amevaa tai, akaacha bahasha ya kaki juu ya kaunta. "Ni kwa mkurugenzi," akasema. Kwetu hakukuwa na mkurugenzi, kulikuwa na Mzee Urban, lakini nikaipokea. Kijana huyo ndiye Leonce, mwenye intaneti kafe ya Bombambili, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja yenye kichwa: "Ukaguzi Mfupi wa Tovuti Yenu, Bila Malipo."

Hakuna aliyemwomba. Siku hizo vijana wa kompyuta walikuwa wameijua mbinu hiyo: unaipekua tovuti ya mtu, unamwandikia makosa machache anayoweza kuyaona kwa macho yake, mengine unayaweka mfukoni, ili akuite. Sina ugomvi na mbinu yenyewe. Hata fundi viatu anayekuambia soli yako imeachia anafanya hivyo hivyo. Ugomvi wangu ni na jinsi Leonce alivyoiandika.

Kosa la kwanza: picha ya Mzee Urban kwenye ukurasa wa mbele ilikuwa kubwa mno, na kwa laini ya simu ilichukua dakika nne kushuka. Kweli tupu. Kosa la pili: namba ya simu ilikuwa ya zamani, ya kabla tarakimu hazijabadilishwa, kwa hiyo anayepiga hapati mtu. Kweli pia, na ni aibu. Kosa la tatu nalikumbuka neno kwa neno: "Siku ya Jumatatu Sista Lukresia aliomba vyumba vinane kwa fomu ya tovuti yenu, kwa ajili ya watawa waendao mafungo. Hadi leo hajajibiwa. Sababu tunazo, tutawaeleza tukikutana."

Mzee Urban akasoma. Picha kubwa hakuijali, kwake picha yake haiwezi kuwa kubwa mno. Namba ya simu akaipita. Lakini kwenye Sista Lukresia akasimama, akavua kofia kama vile sista mwenyewe ameingia.

"Kunegunda. Umemnyima sista jibu?"

"Shikamoo, Mzee. Mimi sijaona barua ya sista yeyote."

"Imeandikwa hapa! Jumatatu! Watawa wanane!"

"Haikufika kwenye sanduku letu, Mzee."

"Sasa ilikwenda wapi, porini?"

Huyo mtu kila Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani, amejipaka mafuta hadi kwenye kope, ili watawa wamwone akitoa sadaka. Kuambiwa amewaacha watawa wanane bila vyumba kulimuuma kuliko kuambiwa loji inaungua. Akamwita Remmy. Remmy akaisoma karatasi huku akitingisha mguu, akasema tovuti haina tatizo lolote, mfumo uko sawasawa, tatizo ni "mtumiaji wa mwisho". Akanitazama mimi. Mzee Urban hakujua mtumiaji wa mwisho ni nani, lakini alielewa jicho lilikoelekea.

Nikapewa hadi Jumamosi, mbele ya wapishi na wafagiaji. Ama nieleze, ama nikabidhi funguo. Na Songea ni ndogo. Mhudumu aliyefukuzwa kwa kuwapuuza watawa haajiriwi hata kupanga viti vya harusi. Nilikuwa nalea wanangu kwa kaunta ile, na jina langu lilikuwa halijawahi kutajwa vibaya na mgeni hata mmoja. Niliogopa, na nikakasirika zaidi ya nilivyoogopa.

Jioni ile nikashuka Bombambili. Leonce alikuwa amekaa mbele ya kompyuta zake zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama redio ya bibi. Akatabasamu. Alidhani nimetumwa kumwita.

"Huyu Sista Lukresia ni wa nyumba gani ya watawa?" nikamuuliza.

Tabasamu likapungua. "Dada, ule ni mfano tu."

"Mfano?"

"Ombi la majaribio. Lazima uijaribu fomu. Nililituma mwenyewe, nikaweka jina la kuvutia."

"Na kwenye karatasi mbona hukuandika kwamba ni majaribio?"

"Nikiandika majaribio, mteja hashtuki," akasema, bila hata aibu. "Akishtuka ndiyo ananiita."

Kwa hiyo mimi nilikuwa nafukuzwa kazi kwa ajili ya mtawa asiyekuwepo, aliyezaliwa na mtu wa tai ili kumshtua mtu wa kofia. Nilimwambia maneno ambayo siku ya kuungama ilinibidi niyataje moja moja. Kisha nikamuuliza hiyo sababu aliyoificha ni ipi.

"Hiyo ni ya mteja anayelipia," akasema.

"Basi nitazunguka soko zima nikieleza kwamba unatunga watawa."

Akafungua mashine haraka. Akaita ukurasa wetu, tukaisubiri picha ya Mzee Urban ishuke, paji la uso kwanza, halafu nyusi, halafu ile pua. Halafu akafungua maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, yale ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona akijua pa kubofya. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Pale ndipo fomu inapoambiwa ipeleke maombi kwa nani. Haikuandikwa anwani ya loji. Iliandikwa anwani ya Remmy, ya kwake binafsi.

"Kubadilisha mstari huu ni kazi ya kunywea chai," Leonce akasema, kwa majonzi ya mtu aliyetoa siri yake bure.

Jumamosi Leonce akaja, na tai yake. Nilimlazimisha aanze kwa kukiri kwamba Sista Lukresia hayupo. Mzee Urban alishusha pumzi kama aliyepona, akakaa, akakunja miguu. Dhambi ilikuwa imemwondoka, hivyo yaliyobaki hayakumhusu sana. Remmy alikuwepo pia, akitafuna kijiti cha meno, hadi Leonce alipouonyesha ule mstari.

"Hiyo niliweka ya muda," Remmy akasema, "wakati natengeneza. Nilikuwa najaribu."

"Fungua hilo sanduku basi, tuone," nikasema.

"Siku nyingi silitumii. Neno la siri nimelisahau."

Wakati huo Recho alikuwa ameingia na sinia ya chai. Akaweka vikombe, akasema kwa upole kabisa, "Si jina langu na mwaka wa harusi yetu? Uliniambia hutalisahau."

Remmy akaandika jina la mke wake kwa kidole kimoja.

Sanduku likafunguka. Barua zilikuwa zimejipanga kwa herufi nene, maana hakuna aliyekuwa amezigusa. Juu kabisa Sista Lukresia na watawa wake wanane. Chini yake watu wa kweli. Wanunuzi wa kahawa kutoka Mbinga wakitaka ghorofa nzima kwa msimu. Walimu wa semina. Mwanamume wa Namtumbo akitaka ukumbi wa harusi ya binti yake, ameandika mara tatu, na kila mara kwa adabu zaidi. Nilizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na sikuharakisha. Nilitaka Remmy azisikie zote, na nakiri ilikuwa tamu.

Mzee Urban akakuna shingo. Nilingoja. Mtu aliyenitangazia kufukuzwa mbele ya wapishi na wafagiaji, nilidhani ana neno moja la kuniambia. Akasema, "Haya, kosa limejulikana. Remmy ni mtoto wa nyumbani, atarekebisha mwenyewe. Karatasi ya ukaguzi si tunayo? Imeeleza kila kitu."

Leonce akafungua mdomo. "Mzee, na ile kazi ya..."

"Mpeni kijana soda," Mzee Urban akasema.

Ndivyo ilivyoishia ndoano ya Leonce: chambo kimeliwa, samaki kaenda zake, mvuvi kapewa soda ya machungwa isiyo baridi. Sikumhurumia. Angemtunga mtu mwingine, si mtawa, na angeandika kwamba ni majaribio.

Kisha Mzee Urban akanigeukia. "Kunegunda, utabaki kazini. Kaa hapo uwajibu hawa watu wote. Waombe radhi vizuri. Sema mhudumu wa mapokezi alikuwa mgonjwa muda mrefu."

"Mgonjwa, Mzee?"

"Sasa tuseme nini? Tumtaje mkwe wangu kwa watu wa Mbinga? Wewe ni mhudumu tu, hawakujui."

Wananijua. Wote wanaolala pale wananijua mimi, yeye wanamjua kwa picha. Recho aliinama akakusanya vikombe. Remmy alirudisha kijiti mdomoni. Mzee akamsindikiza Leonce hadi uani, amemshika bega, anamweleza jinsi vijana wanavyopaswa kujitolea kwa maendeleo ya mkoa.

Nikakaa. Niliweka anwani za watu wote, nikamwacha Sista Lukresia peke yake. Nikaandika: "Ndugu wapendwa, barua zenu zilipelekwa kwenye sanduku binafsi la mtengenezaji wa tovuti yetu, bwana Remmy, ambaye ni mkwe wangu, na hakuzifungua. Mapokezi hayakuzipata. Mhudumu wetu, Kunegunda, alikuwepo kazini siku zote na ni mzima wa afya. Tunaomba radhi. Vyumba vipo, karibuni." Chini nikaweka jina: Urban, mwenye loji. Namba ya simu nikaweka ile inayopatikana.

Laini ilikuwa inasuasua. Nilibofya, nikaangalia ule mstari mdogo ukijaa polepole hadi mwisho.

Mzee Urban akarudi, anajifuta mikono. "Umewajibu?"

"Nimewajibu."

"Umewaambia ulikuwa mgonjwa?"

"Nimewaambia nilikuwa mzima," nikasema, nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome jina lake.